Akaunti za dharura za wasimamizi: sera moja isiwafungie wote nje

Akaunti ya dharura ya msimamizi ni akaunti yenye mamlaka kamili juu ya mfumo wa taasisi, ambayo haitumiwi na mtu yeyote katika kazi za kila siku na ambayo imetengwa kwa makusudi na sheria za kuingia zinazowabana wengine wote. Mafundi huiita akaunti ya "kuvunja kioo", kwa kuifananisha na kile kisanduku cha king'ora cha moto kinachokaa ukutani bila kuguswa mpaka siku ya moto. Kazi yake ni moja tu: wasimamizi wote wanapokuwa wamefungiwa nje, iweze kuingia, irekebishe kilichowafungia, kisha irudi kukaa kimya.

Suala hili linaonekana vizuri katika Microsoft Entra ID, mfumo uliokuwa ukiitwa Azure Active Directory hadi 2023. Huo ndio unaomtambua mtumiaji wa Microsoft 365 kabla hajafungua barua pepe za ofisi, Teams au mafaili. Cheo cha juu kabisa humo ni Global Administrator, na sheria za kuingia huandikwa katika sehemu iitwayo Conditional Access. Kila sheria, au sera, husema inamhusu nani, akiwa wapi, akifungua nini. Kisha husema afanyweje, azuiwe au aruhusiwe kwa masharti. Kanuni mbili za upimaji wake ndizo zinazobeba habari yote hii. Kwanza, sera zote zinazomhusu mtu hupimwa kwa pamoja, na ikiwepo hata moja inayosema azuiwe, anazuiwa. Hakuna sera nyingine ya kumwokoa. Pili, aliyeandikwa katika orodha ya wasiohusika na sera hahusiki nayo kabisa, hata kama pia yumo katika orodha ya wanaohusika.

Kanuni ya kwanza ndiyo inayowafungia wasimamizi nje. Sera iliyoelekezwa kwa watumiaji wote inawagusa na wao, na ukurasa ambao wangeufungua ili kuizima unalindwa na sera hiyo hiyo.

Tuseme kuna taasisi yenye wafanyakazi mia nne na wasimamizi watatu, yenye intaneti ya faiba na anwani ya kudumu ya IP, 203.0.113.40. Baada ya nenosiri la mfanyakazi mmoja kuibwa, wasimamizi wanaandika sera: watumiaji wote, huduma zote, kutoka mahali popote isipokuwa "Ofisi", wazuiwe. "Ofisi" ni jina la orodha yenye anwani ile moja tu. Wanaijaribu, inafanya kazi, na miezi inapita bila tatizo. Kisha idara ya ununuzi inapata bei nafuu kwa mtoa huduma mwingine wa intaneti. Saa tatu asubuhi fundi anahamisha waya, anafungua tovuti mbili tatu kuhakikisha intaneti ipo, anaaga na kuondoka. Ofisi sasa ina anwani mpya, na katika orodha iliyo ndani ya Entra anwani hiyo haimo.

Kinachofuata hakitokei kwa mshindo. Aliyekwisha kuingia ana tokeni, yaani kibali cha muda ambacho kwa kawaida hudumu kati ya dakika 60 na 90, na sera hupimwa upya pale tokeni mpya inapoombwa. Baadhi ya huduma, barua pepe ikiwemo, zinaweza kumkata mtu mapema zaidi zikiona anwani imebadilika. Kwa hiyo wengine wanakatwa ndani ya dakika chache huku jirani zao wakiendelea na kazi hadi saa nne na zaidi, na kwa muda mzuri wasimamizi wanahangaika na kompyuta moja moja wakidhani zimeharibika. Kumbe dalili ya kweli iko kwenye skrini. Nenosiri linakubaliwa, kisha ujumbe unatokea kwamba mtu hawezi kufungua kitu hicho kwa sasa, na chini yake namba ya kosa 53003. Namba hiyo haisemi kwamba nenosiri ni baya wala kwamba mtandao umekatika. Inasema mtu ametambulika vilivyo, ila sera imemkataa.

Wasimamizi watatu wanajaribu kwa zamu: ofisini, kwa intaneti ya simu, nyumbani kwa mmoja wao. Kote ni "nje ya ofisi". Hakuna aliyekosea chochote siku hiyo, na sera haikuguswa. Ulimwengu ulio nje ya sera ndio uliobadilika. Hapa ndipo tahadhari za siku ya kuandika sera zinapoishiwa nguvu. Tovuti ya usimamizi humwonya anayeandika sera ya watumiaji wote asijifungie nje, na humpa nafasi ya kujitoa yeye mwenyewe. Ipo pia hali ya Report-only, ambamo sera hurekodi ingefanya nini bila kumzuia mtu, na kipimo kinachoitwa What If cha kuuliza mtu fulani angefanywaje. Vyote ni vya kutumiwa, lakini vyote vingeipitisha sera hii, kwa kuwa siku ilipoandikwa ilikuwa sahihi.

Kosa hilo lina ndugu yake mpole zaidi. Kuanzia Aprili 2023 Microsoft ilianza kupokea uingiaji kwa anwani za IPv6, na taasisi zilizokuwa zimeorodhesha anwani za IPv4 peke yake zilihatarisha watu wake kuonekana wako nje ilhali wameketi ofisini. Huko angalau pana upenyo: msimamizi akizima IPv6 kwenye kompyuta yake, anatokea tena kwa anwani ya zamani. Anwani ya zamani ikiwa imekwenda na mkataba wa zamani, upenyo huo haupo.

Bila akaunti ya dharura, kilichobaki ni kuipigia Microsoft simu na kuthibitisha kwamba taasisi ndiyo mmiliki wa mfumo. Uthibitisho huo ni mgumu, na ndivyo inavyopasa; la sivyo tapeli yeyote angepiga simu na kupewa mfumo wa watu. Unaweza kuchukua siku kadhaa, na katika siku hizo watu mia nne hawana barua pepe.

Dawa ya haraka inaonekana kuwa kutengeneza akaunti ya nne ya Global Administrator na kuiandika katika orodha ya wasiohusika na sera ile. Hiyo ni nusu ya kazi. Kuingia ni mnyororo wa mambo: jina na kikoa chake, nenosiri au ufunguo, hatua ya pili, sera, cheo, na kompyuta inayotumika. Pete yoyote ambayo akaunti ya dharura inashirikiana na akaunti za kawaida ni mahali ambapo tukio moja litaziangusha zote. Ubunifu wa akaunti hii ni kupita pete hizo moja baada ya nyingine na kuikata kila iliyo ya pamoja.

Pete ya kwanza ni jina lenyewe. Taasisi nyingi kubwa huzalisha akaunti katika seva zao za ndani, kisha huzinakili kwenda kwenye wingu, na nyingine huacha hata ukaguzi wa nenosiri ufanywe na seva hizo za ndani. Akaunti ya dharura iliyotoka huko haitafaa siku seva hizo zitakapozimika au cheti chake kitakapoisha muda. Kwa hiyo huundwa moja kwa moja ndani ya Entra, kwa kikoa ambacho kila mteja hupewa na Microsoft, kile kinachoishia na onmicrosoft.com. Isiwe akaunti ya mtu fulani, kwa sababu mtu huhama, hustaafu, hufutwa kazi, na akaunti yake hufungwa siku hiyo hiyo.

Cheo chake kiwe cha kudumu. Taasisi zinazojali usalama huwapa wasimamizi cheo cha kuombwa: mtu anaingia kama mfanyakazi wa kawaida, anaomba mamlaka kwa saa kadhaa, mwenzake anaidhinisha. Utaratibu huo ni mzuri kwa kila mtu isipokuwa akaunti ya dharura, maana siku inayohitajika mwenzake wa kuidhinisha naye yuko nje.

Halafu zije sera. Akaunti za dharura huwekwa katika kundi moja, na kundi hilo huandikwa kama lisilohusika katika kila sera, si katika ile tu inayotiliwa shaka. Ugumu haupo katika sera zilizopo bali katika zijazo. Msimamizi mpya anayeandika sera ya kumi na saba mwaka kesho huenda asijue kundi hilo lipo. Zaidi ya hapo, tangu mwishoni mwa 2023 Microsoft yenyewe imekuwa ikiwaongezea wateja sera zake, ambazo huanza katika hali ya kutazama tu na baadaye huwashwa bila mteja kubonyeza chochote. Kumbukumbu ya binadamu haitoshi. Panahitajika ukaguzi unaojiendesha kila siku na kutaja kila sera iliyolisahau kundi. Katika PowerShell ya Microsoft Graph ukaguzi huo ni mistari michache, `$kundi` ikiwa ni kitambulisho cha kundi hilo:

```
Get-MgIdentityConditionalAccessPolicy -All |
  Where-Object { $_.Conditions.Users.ExcludeGroups -notcontains $kundi } |
  Select-Object DisplayName, State
```

Orodha ikirudi tupu, hali ni njema. Kundi lenyewe nalo lina hatari yake: yeyote anayeweza kuongeza watu humo anaweza kujiondoa yeye na rafiki zake katika sera zote kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana huundwa kama kundi linaloweza kupewa cheo, aina ambayo watu wa dawati la msaada hawawezi kuibadilisha. Taasisi ndogo zisizo na leseni ya Conditional Access hutumia ulinzi wa jumla uitwao Security defaults, na huo hauna orodha ya wasiohusika. Huko akaunti ya dharura husimama kwa kuwa na ufunguo wake peke yake.

Ufunguo huo, yaani hatua ya pili ya uthibitisho, ndipo ushauri wa zamani ulipogeuka. Tarehe 19 Novemba 2018 huduma ya Microsoft ya hatua ya pili ilianguka kwa takriban saa 14. Watu waliokuwa na nenosiri sahihi hawakupata meseji wala ombi kwenye simu zao, na wasimamizi waliokuwa wamelazimishwa hatua hiyo hawakuweza kuingia hata kuizima kwa muda. Siku nane baadaye, tarehe 27, hitilafu nyingine ya huduma hiyo ilitokea. Somo lililochukuliwa na wengi lilikuwa kuiacha akaunti ya dharura na nenosiri refu sana peke yake, lililopigwa chapa na kufungiwa. Somo hilo limepitwa na wakati. Kuanzia Oktoba 2024 Microsoft ilianza kuidai hatua ya pili kwa kila anayefungua tovuti za usimamizi wa Azure na Entra, na dai hilo halitokani na sera za mteja, kwa hiyo hakuna orodha ya wasiohusika inayoliondoa. Akaunti ya dharura yenye nenosiri tupu leo hukwama pale pale.

Kinachotumika badala yake ni ufunguo wa FIDO2, kidude kidogo cha USB kinachofungua akaunti kwa kuguswa na kupewa PIN. Hauhitaji simu, laini ya simu, meseji, wala programu ya kuidhinisha, hivyo haushirikiani na kitu ambacho wasimamizi wa kawaida wanatumia kila siku. Lakini una mitego miwili inayosahaulika. Mmoja ni kwamba Entra ina ukurasa mwingine, tofauti na Conditional Access, unaosema ni njia zipi za uthibitisho zinaruhusiwa na ni funguo za aina gani. Anayebadilisha ukurasa huo, labda akitaka taasisi nzima itumie funguo za mtengenezaji mmoja, anaweza kuufanya ufunguo ulio ndani ya sefu usikubalike, na kumwondoa mtu katika sera zote kusisaidie lolote. Mtego wa pili ni PIN. Ikikosewa mara nane ufunguo hujifunga, na njia pekee ya kuufungua ni kuufuta, jambo linaloondoa usajili wa akaunti uliokuwamo. Fundi mwenye jazba saa nane za usiku anaweza kufika nane kwa dakika mbili.

Hizo ndizo sababu za kuwa na akaunti mbili, si moja, kila moja ikiwa na ufunguo wake na, inapowezekana, wa mtengenezaji tofauti. Ya kwanza hukaa katika sefu ya makao makuu, ya pili mahali ambapo moto au mafuriko ya makao makuu hayafiki. PIN huandikwa kwenye karatasi na kufungwa katika bahasha tofauti, katika mikono ya mtu tofauti na mwenye kushika ufunguo, ili mmoja peke yake asiweze kuingia. Kuihifadhi katika programu ya nywila ambayo nayo hufunguliwa kwa akaunti ya Entra ni kosa la kawaida kuliko mtu anavyodhani. Siku ya dharura siri iko ndani ya chumba kile kile kilichofungwa. Maelekezo ya matumizi nayo yachapwe kwa karatasi, maana faili lililo katika mafaili ya ofisi halitafunguka. Kompyuta ya kutumia iwe yoyote yenye kivinjari, si lazima ile iliyosajiliwa na ofisi.

Akaunti isiyobanwa na sera yoyote ni kitu ambacho mwizi angekitaka kuliko vyote. Kwa kuwa haizuiliwi, ulinzi wake uliobaki ni ufunguo wake na kelele. Kumbukumbu za kuingia hupelekwa katika Log Analytics, na king'ora huwekwa kwa swali linalopita kila dakika tano likitafuta vitambulisho vya akaunti hizo mbili. Hutafutwa kitambulisho, si jina, kwa kuwa jina linaweza kubadilishwa:

```
SigninLogs
| where UserId in ("kitambulisho-1", "kitambulisho-2")
| project TimeGenerated, IPAddress, ResultType
```

Swali hili halichagui waliofaulu tu. Jaribio lililoshindwa ni habari ile ile, maana hakuna mtu mwenye sababu ya kuligusa jina hilo siku ya kawaida. King'ora kiende kwa meseji ya simu au kwa kupigiwa, na kimfikie zaidi ya mtu mmoja. Kinachotumwa kwa barua pepe ya ofisi peke yake huenda kikalala katika sanduku ambalo wakati huo hakuna awezaye kulifungua.

Microsoft hushauri akaunti hizi zijaribiwe angalau kila siku 90, na pia kila mabadiliko ya watumishi wa idara yanapotokea. Jaribio la maana huanzia kwenye sefu. Bahasha inatolewa na kufunguliwa, ufunguo unachomekwa, mtu anaingia katika tovuti ya usimamizi hadi kwenye ukurasa wa sera, na hapo anabadilisha kitu kidogo kisicho na madhara, kwa mfano jina la sera ya majaribio, kuthibitisha kwamba mamlaka yapo kweli. Wakati huo huo wenzake wanatazama simu zao, na dakika ambazo king'ora kimechukua kufika zinaandikwa. Bahasha mpya inafungwa na kusainiwa. Taasisi zinazoishia kuuliza kama ufunguo ungali ndani ya sefu hugundua siku ya shida kwamba ufunguo upo na aliyeijua PIN ameshahama.

Katika ile ofisi iliyobadilisha mtoa huduma, mambo yangekwenda hivi. Namba 53003 inaonekana kwa wasimamizi wote watatu, na mkuu wa idara anaidhinisha sefu ifunguliwe. Akaunti ya dharura inaingia kwa ufunguo wake, kwa intaneti yoyote iliyopo, na simu za wahusika zinalia. Anayezipokea anajua ni wao. Katika kumbukumbu za kuingia anafungua jaribio moja lililokataliwa na kusoma jina la sera iliyolikataa pamoja na anwani ya IP iliyotumika. Anwani hiyo mpya ndiyo inayoeleza kila kitu. Sera haifutwi, inarudishwa katika hali ya Report-only ili ushahidi wake ubaki. Baada ya dakika chache msimamizi wa kawaida anaingia kwa akaunti yake mwenyewe, na kuanzia hapo kazi yote, pamoja na kuongeza anwani mpya katika orodha ya "Ofisi", inafanywa na yeye. Akaunti ya dharura inatoka. Kila ilichokifanya kinasomwa katika kumbukumbu na kulinganishwa na maelezo ya aliyeitumia, PIN inabadilishwa, bahasha inafungwa upya. Mtu anayezoea kuitumia kwa sababu "haina usumbufu" ameishaigeuza kuwa akaunti ya kawaida yenye hatari kubwa.

Yapo matukio ambayo akaunti hii haiyafikii. Tarehe 15 Machi 2021 ufunguo wa kidijitali unaotumiwa na Microsoft kusaini tokeni uliondolewa kimakosa, na uingiaji ukavurugika duniani. Akaunti ya dharura hupita mlango huo huo wa Microsoft, hivyo ilikwama pamoja na nyingine. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani, tatizo lilikuwa njia ya kufika kwenye wingu, na hapo kinachohitajika ni laini mbadala, ambayo anwani yake nayo iwe imeorodheshwa mapema. Na mwizi aliyekwisha kuwa Global Administrator anaweza kuzifuta akaunti zote mbili. Zilizofutwa hurudishika ndani ya siku 30, ila anayezirudisha lazima awe msimamizi mwenye mamlaka hayo aliyebaki ndani. Asipokuwepo hata mmoja, taasisi inarudi kwenye simu ya Microsoft na siku zake za kusubiri.